Sheng imesingiziwa: diglosia ya Kibera na Kawangware haiko tunakoitafuta

Kuna sentensi moja ambayo nimeisoma katika karatasi za wanafunzi wa isimu-jamii mara nyingi hivi kwamba sasa naitambua kabla sijaimaliza. Husema kwamba katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi kuna diglosia, ambapo Kiswahili sanifu ni lugha ya juu na Sheng ni lugha ya chini. Baada ya hapo mwanafunzi hutaja jina la Charles Ferguson, huandika mwaka 1959, kisha hutoa mfano wa kijana anayezungumza Sheng kwenye stendi ya matatu na Kiswahili sanifu darasani. Alama hutolewa, karatasi hufungwa.

Sina ugomvi na wanafunzi, kwa maana wanarudisha walichopewa. Ugomvi wangu ni na sentensi yenyewe. Ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imetuletea matatizo ambayo hayaishii kwenye mtihani wa chuo kikuu. Yanamfuata mtoto anayeandika insha katika darasa la tano, na yanamfuata mtu mzima anayesimama kizimbani.

Tuanze na Ferguson mwenyewe, kwa kuwa wengi humtaja bila kumsoma. Katika makala yake aliyochapisha katika jarida la Word mwaka 1959, alichunguza jamii nne: Waarabu, Wagiriki, Waswisi wanaozungumza Kijerumani, na watu wa Haiti. Katika kila jamii aliona aina mbili za lugha zikiishi pamoja. Ya juu ilitumika katika mahubiri, hotuba, habari za redio na maandishi. Ya chini ilitumika nyumbani, sokoni, baina ya marafiki na katika vichekesho. Hadi hapo hakuna jipya, maana karibu kila lugha yenye usanifu ina tofauti ya namna hiyo. Mwingereza naye haandiki barua kwa mwajiri wake kama anavyoongea na mkewe jikoni.

Kilichoifanya diglosia iwe jambo la pekee ni sharti lingine, na hili ndilo wanafunzi wengi hulipita bila kulitazama. Ferguson alisema kwamba katika diglosia hakuna sehemu yoyote ya jamii inayotumia lugha ya juu kwa mazungumzo ya kawaida. Si matajiri, si wasomi, si viongozi wa dini. Kila mtu hulelewa kwa lugha ya chini, na ile ya juu huipata shuleni kwa kufundishwa kanuni zake. Anayejaribu kuitumia kwa kuombea chumvi mezani huonekana anajitia, au huonekana amewasaliti wenzake.

Sasa twende Kibera tukiwa na sharti hilo mkononi. Je, kuna nyumba pale Makina, Lindi, Gatwekera au Laini Saba ambamo mama humwambia mtoto, 'Niletee kile kikombe nilichokiosha'? Mimi sijaisikia. Nilichosikia ni, 'Niletee hiyo kikombe yenye nimeosha.' Mtoto akijaribu ile ya kwanza mbele ya wenzake, ataambiwa anaongea kama mtangazaji wa televisheni, au ataulizwa alihamia lini kutoka Tanzania. Kule Kawangware, kuanzia stendi ya 46 hadi ndani kabisa kwenye ploti za mabati, jibu ni lilo hilo. Lugha ya juu ikitokea mahali pasipo pake huchekwa, kama Ferguson alivyoeleza. Hii ndiyo nusu ya ukweli niliyoitaja.

Lakini tazama tena ile kauli ya mama: 'Niletee hiyo kikombe yenye nimeosha.' Neno la Sheng liko wapi hapo? Halipo hata moja. Kila neno limo katika kamusi ya Kiswahili. Hata hivyo sentensi si ya Kiswahili sanifu, na hakuna mwalimu ambaye angeiacha ipite. Mama huyu huenda ana miaka hamsini, anauza sukumawiki, anaimba kwaya kanisani, na ukimwambia anaongea Sheng atakukasirikia. Lugha anayoitumia ni Kiswahili cha mtaani, ambacho wengine hukiita Kiswahili cha Nairobi. Hiyo ndiyo lugha ya chini ya Kibera na Kawangware. Sheng ni kitu kingine.

Hili si suala la majina tu, na namna ya kulithibitisha ni rahisi. Chukua sentensi ya kijana wa Kawangware: 'Hizo viatu zenye nilibuy na soo tano zimeisha.' Ondoa maneno mawili ya Sheng, 'nilibuy' na 'soo tano', uweke 'nilinunua' na 'mia tano'. Unabaki na 'Hizo viatu zenye nilinunua na mia tano zimeisha.' Sheng imetoweka lakini sanifu haijafika. Ili ufike kwenye usanifu itakubidi uendelee na safari: 'Vile viatu nilivyovinunua kwa shilingi mia tano vimechakaa.' Umebadilisha kiashiria, umebadilisha upatanisho, umeingiza kirejeshi ndani ya kitenzi, umebadilisha kihusishi, na pengine kitenzi cha mwisho. Safari ya kwanza, ya kutoa Sheng, ilikuwa ya hatua mbili. Safari ya pili, kutoka mtaani hadi kwenye sanifu, ndiyo ndefu.

Sheng, kwa maoni yangu, ni rejesta iliyojengwa juu ya lugha hiyo ya chini. Imeazima msingi na kuta zake, ikabadilisha rangi na mapazia. Wataalamu wamebishana kuihusu kwa miaka mingi. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, waliiangalia kama msimbo mchanganyiko wa vijana wa mjini. Chege Githiora, ambaye mwaka 2002 aliuliza kama ni lugha ya rika, lahaja au krioli inayochipuka, alikuja kuandika kitabu kizima mwaka 2018 akiiona kama Kiswahili cha kawaida cha Wakenya kinachoinuka. Nakubaliana na Githiora kwamba huwezi kuitenga Sheng na Kiswahili. Ninapositasita ni pale jina 'Sheng' linapotandazwa hadi likafunika kila Kiswahili kisicho sanifu, pamoja na kile cha mama wa sukumawiki. Kwa mtaalamu huenda hilo lisidhuru, lakini kwa mwalimu na mzazi linaficha kitu.

Linaficha nini? Linaficha kwamba Kiswahili cha mtaani kina sarufi. Watu husema kimevunjika, mimi nawaomba wasikilize vizuri. Katika sanifu tuna ngeli nyingi, na kila moja ina upatanisho wake: kitabu changu kimepotea, mti wangu umeanguka, jembe langu limevunjika. Mtaani hesabu ni fupi. Vyenye uhai huchukua a- na wa-, yaani mtoto amelala, watoto wamelala. Visivyo na uhai huchukua i- katika umoja na zi- katika wingi: kitabu yangu imepotea, vitabu zangu zimepotea, mti imeanguka, miti zimeanguka, jembe imevunjika, majembe zimevunjika. Kuna wanaochanganya, kama ilivyo katika lugha yoyote hai, lakini mkondo mkuu ni huo. Mtu akikosea bila mpango, makosa yake hutawanyika kila upande. Hawa hawatawanyiki. Maelfu ya watu ambao hawajawahi kukutana hufika mahali pamoja, na hiyo ndiyo dalili ya kanuni.

Vivyo hivyo kirejeshi. Sanifu husema 'watu waliokuja', mtaani ni 'watu wenye walikuja'. Katika sanifu '-enye' huonyesha umiliki, kama 'mtu mwenye mali', lakini mtaani imepewa kazi nyingine kabisa. Ndugu yake 'venye' amechukua kazi ya 'jinsi' na 'vile', na wakati mwingine ya 'wakati': 'venye nilifika, alikuwa ameenda.' Halafu kuna kile kiambishi cha mazoea, '-anga', katika 'tunaendanga' au 'anakujanga'. Hicho kinafanana na '-anga' ya lahaja nyingi za Kiluhya na '-aga' ya Kikuyu, na ukikumbuka ni nani wengi wanaoishi Kawangware, hutashangaa kwamba kimetia mizizi pale. Hakuna kijana wa Sheng aliyekibuni. Kililetwa mjini na wazazi wake na babu zake.

Sheng yenyewe haikai mahali pamoja, na hapa inaachana na lugha ya chini ya Ferguson kwa jambo la pili. Diglosia aliyoieleza ni hali tulivu, inayoweza kudumu kwa karne. Sheng hupenda upya. Noti ya shilingi mia tano iliwahi kuitwa 'jirongo' kutokana na Cyrus Jirongo na kampeni za mwaka 1992, na kijana wa leo anaweza kulitumia jina hilo bila kujua kwamba lilikuwa la mtu. Matatu imeitwa 'mathree', imeitwa 'mat', na yenye michoro na muziki mkubwa ikawa 'nganya'. Neno likishafika kwenye tangazo la benki, wenye mtaa huwa wako mbioni kulitupa. Lakini 'kikombe yenye nimeosha' haitupwi. Babu aliisema, mjukuu anaisema. Ukitafuta kitu tulivu cha kuita lugha ya chini, umekipata hapo.

Nimesema 'lugha ya juu' na 'lugha ya chini' kana kwamba nyumba ni ya ghorofa mbili. Siyo. Juu ya Kiswahili sanifu amekaa Kiingereza, na chini ya Kiswahili cha mtaani, au kando yake, zipo lugha za mama. Abdulaziz, akitumia jina Abdulaziz Mkilifi, aliandika mwaka 1972 kuhusu Tanzania akaiita hali hiyo triglosia: lugha ya kabila, Kiswahili, na Kiingereza. Kiswahili huwa juu kikitazama upande mmoja na huwa chini kikitazama upande mwingine. Maelezo hayo yanaikaa Nairobi vizuri, ila kwetu Kiswahili chenyewe kimejigawa mara mbili, na zile nusu mbili hazikai kiti kimoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwenye karatasi wako sawa. Lakini tazama notisi ya mwenye nyumba iliyobandikwa mlangoni, kadi ya kliniki, kumbukumbu za mkutano wa chama cha akina mama waliojadiliana kwa Kiswahili kwa saa mbili. Mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili sanifu kimebaki na baraza la chifu, taarifa ya habari, somo la Kiswahili na mimbari. Hata mimbarini hakidumu. Mhubiri husoma aya kwa Kiswahili cha Biblia, hufunga kitabu, kisha huanza: 'Sasa watu wa Mungu, hiyo kitu yenye Yesu alikuwa anaambia hao watu...' Ferguson angetabasamu.

Nikiwa bado Kibera, siwezi kupita bila kugusa jambo ambalo vitabu vyetu vya isimu-jamii huliacha, ingawa liko mlangoni. Mfano wa kwanza kabisa wa Ferguson ulikuwa Kiarabu, cha Kurani na maandishi upande mmoja na cha nyumbani upande wa pili. Na Kibera ina Kiarabu cha nyumbani, kwa namna yake. Wanubi, wazao wa askari wa jeshi la kikoloni waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne iliyopita, huzungumza Kinubi, ambacho ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Bernd Heine aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1982. Jina la Kibera lenyewe hutokana na neno la Kinubi 'kibra', msitu. Basi mtoto wa Kinubi wa Makina husoma Kurani madrasa kwa Kiarabu, akirudi nyumbani hukuta nyanya yake akizungumza lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Je, hiyo ni diglosia?

Kwa Ferguson, hapana. Alitaka aina mbili ambazo wenyewe wanazihisi kuwa lugha moja. Kinubi kimepoteza sehemu kubwa ya unyambulishaji wa Kiarabu, na aliyelelewa nacho hawezi kufungua msahafu akaelewa bila kufundishwa. Joshua Fishman, aliyeipanua nadharia mwaka 1967 ili iingize hata lugha zisizo na undugu kama Kihispania na Kiguarani nchini Paragwai, angekubali. Kwa upande wangu kinachonivutia ni kwamba katika mtaa huo huo kuna pande mbili za lugha zenye undugu. Kwa Kiarabu na Kinubi, watu wanajua kuwa ni lugha mbili, kwa hiyo hakuna anayemwambia nyanya kwamba Kinubi chake ni Kiarabu kibovu, na mwalimu wa madrasa huanza na alifu kwa utulivu. Kwa Kiswahili sanifu na cha mtaani, watu wanaamini ni kitu kimoja, na mtoto anatarajiwa awe anakijua tayari.

Hapo ndipo insha inapoingia. Tume ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini lugha hiyo ikawa Kiswahili. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Yote mazuri. Lakini lugha ya eneo la Kawangware si ile iliyo katika kitabu cha kiada. Mtoto akiandika 'vitabu zangu zilikuwa zimelowa', mwalimu huchora mstari mwekundu na kuandika pembeni, 'Acha Sheng!' Mtoto anatazama sentensi yake, anatafuta Sheng, haioni. Kwa sababu haimo. Anachojifunza siku hiyo ni kwamba Kiswahili ni somo la kubahatisha. Mwenzake aliyeandika 'keja' badala ya 'nyumba' alirekebishwa kwa neno moja na akaelewa papo hapo.

Nimewahi kukaa na walimu wa mitaa hii wakinionyesha madaftari. Mmoja wao, mwanamke aliyefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa na njia yake. Hakuwa na haja ya kutaja Ferguson. Aligawa ubao kwa mstari wa chokaa. Upande wa kushoto aliandika 'Ya ploti', upande wa kulia 'Ya kitabu'. Watoto walimpa sentensi za ploti bila woga, 'miti zimeanguka', naye aliwauliza kitabu kingesemaje. Akaniambia, 'Mwalimu, hawa watoto wako na sarufi tayari. Mimi nawapea ya pili.' Angalia 'wako na' na 'nawapea'. Yeye mwenyewe alizungumza nami ya ploti, kisha akageukia ubao akaandika ya kitabu, wala hakuona ajabu. Hivyo ndivyo wanavyoishi watu wa jamii ya diglosia. Wasiwasi ni wa sisi tunaoandika magazetini.

Kuna mahali pengine ambapo kugawanyika huku kunaweza kumgharimu mtu zaidi ya alama. Mahakama ya Kibera hupokea kesi kutoka Kibera yenyewe na pia kutoka upande wa Kawangware. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili. Kwa kawaida mashtaka huandikwa kwa Kiingereza na kumbukumbu za hakimu pia. Karani ndiye daraja: anapokea Kiingereza, anatoa Kiswahili kwa mshtakiwa, anapokea jibu, analirudisha.

Nitatengeneza mfano ili tuone vizuri, mtu wake ni wa kubuni. Kijana ameshtakiwa kwa kupatikana na simu ya wizi. Karani anamsomea kwa Kiswahili cha juu: 'Unashtakiwa kwamba ulipatikana ukiwa na simu hiyo huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ilikuwa imeibwa. Je, ni kweli au si kweli?' Kijana anajibu kwa ya chini: 'Ni ukweli hiyo simu nilikuwa nayo, lakini venye niliuziwa sikujua ni ya wizi.'

Maneno mawili ya kwanza yanasikika kama kukiri. Hayo mengine yanakanusha, kwa sababu kosa hilo linasimama juu ya kujua. Na 'venye' hapa ina maana ya 'wakati': wakati alipouziwa hakujua. Karani mzuri, aliyelelewa jijini, ataifikisha ikiwa nzima. Karani mwenye haraka, foleni ikiwa ndefu, anaweza kusema tu, 'Amekubali.' Sheria ililiona hili mapema. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu: mashtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, na baada ya kusomewa maelezo ya tukio, akizua jambo linalotilia shaka hatia yake, iandikwe kwamba amekana. Mimi si mwanasheria, lakini kama mtu wa lugha naona hekima katika yale maneno matatu, 'maneno yake mwenyewe'. Swali ambalo majaji hawakuulizwa mwaka huo ni hili: mshtakiwa akiulizwa kama anaelewa Kiswahili, na akajibu ndiyo, ni Kiswahili kipi alichokiri kukielewa?

Angalia kwamba katika mfano wangu hakuna Sheng pia. Kama tatizo lingekuwa Sheng, lingetatuliwa upesi, kwa kuwa karani akisikia 'karao' au 'ganji' hujua kwamba amekutana na neno la kufasiriwa, na akikwama huuliza. Hatari iko kwenye maneno anayodhani anayajua.

Watakaonipinga watasema kwamba hali hii haitadumu, na kwa hivyo si diglosia ya kweli. Wana hoja. Ghetto Radio husoma habari kwa Sheng, na habari za redio zilikuwa kwenye orodha ya Ferguson ya kazi za lugha ya juu. Mwanasiasa akija kuomba kura pale Kamukunji ya Kibera haanzi tena na 'Mabibi na mabwana'. Lugha ya chini inapanda ngazi. Lakini Ferguson mwenyewe aliandika kwamba diglosia huanza kutikisika pale kisomo kinapoenea, mawasiliano yanapopanuka, na watu wanapotaka lugha yao wenyewe iwe ya taifa. Kwa Ugiriki alitabiri, akitazama mbele karne mbili, kwamba lugha moja ingejengwa juu ya ile ya chini ya Athene pamoja na msamiati mwingi wa ile ya juu. Haikuchukua karne. Mwaka 1976, miaka 17 baada ya makala yake, serikali ya Ugiriki iliifanya lugha ya watu kuwa lugha ya elimu.

Sidhani Nairobi itafuata njia hiyo, na sababu ni moja. Lugha ya juu ya Ugiriki haikuwa na mtu aliyezaliwa nayo mahali popote. Kiswahili sanifu kinaweza kuwa kigeni kwenye ploti ya Kawangware, lakini kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na wapo mamilioni wanaozungumza kitu kinachokaribiana nacho wakiwa jikoni Unguja, Tanga na Dar es Salaam. Ukiichora jamii iishie Nairobi, unapata diglosia. Ukiichora ifike pwani na kuvuka mpaka, unapata lugha sanifu na lahaja zake, jambo la kawaida duniani. Mtoto wa Kibera aliyeambiwa anaongea kama Mtanzania alipewa, bila mcheshi wake kujua, mpaka wa jamii anamoishi.